Gari mbili bei moja, bima yapishana 30,000?? Huu si wizi?

Jamani hawa watu wa bima watatumaliza. Nazunguka yadi za huku Mombasa natafuta gari ya familia, nimebakisha mbili, Axio na Forester, zote 1,500,000. Kupiga hesabu ya komprehensivu, ajenti ananiambia Axio asilimia 4, yaani 60,000, Forester asilimia 6, 90,000, na hapo tozo bado! Dereva ni mimi yule yule, njia ni ile ile ya Bamburi kwenda mjini, sijagonga hata mkokoteni wa maji. Namuuliza kwani nini ananijibu ati modeli hiyo ina kleimu nyingi. Kleimu za nani sasa, zangu?? Na wa yadi naye anisukuma nilipe diposti leo leo.

Bin_Kisauni: Ni cc za injini bro, injini kubwa bima kubwa. Chukua Axio uishi.

MamaTuktuk: Mimi tuktuk yangu thadi pati imepanda tena mwaka huu na hakuna mtu ananieleza. Hao wezi tu wallahi.

Kapteni_Likoni: Mama, thadi pati ni hesabu nyingine kabisa, haiendi na thamani ya gari. Na Bin Kisauni, cc peke yake hazitoshi, Probox ina injini ndogo na kuna kampuni zinaikunjia uso kwa vile inabebeshwa mizigo na abiria. Mi nimeuza bima miaka mingi. Kampuni inatazama gari za modeli ile ilizowahi kulipia: zilizoibiwa, zilizogongwa, na kuirudisha moja barabarani inakula pesa ngapi. Taa ya mbele ya Axio waipata kila duka la spea, ya gari nyingine waisubiri na bei yake yauma. Sasa kila kampuni ina rekodi yake, ndio maana 6 ya huyu kwa mwingine yaweza kuwa 4.5. Omba kwoti kwa kampuni kadhaa KABLA ya diposti, kwa maandishi, thamani moja, mwaka mmoja wa gari, matumizi ya kibinafsi. Halafu uliza eksesi, hapo ndipo watu huliwa. Mmoja akikupa asilimia 4 na eksesi asilimia 5, unalipa 60,000 lakini ukigonga unatoa 75,000 zako kwanza. Mwingine akupe 4.5 na eksesi 2.5, premiamu 67,500, eksesi 37,500. Yaani umekwepa 7,500 ukajibebesha 37,500.

Mwenye uzi: Kumbe! Yule wangu eksesi hakuitaja kabisa, nikimpigia sasa hashiki simu. Kampuni nyingine imenipa Forester kwa 5, lakini kioo cha mbele wanalipa mwisho 30,000 tu. Na nikifunga treka wanapunguza?

Kapteni_Likoni: Kuna wanaopunguza, kuna wanaokulazimisha uifunge na bei iko pale pale. Hiyo ya kioo waulize kuongeza kiwango ni pesa ngapi.

Bin_Kisauni: Bado nasema ni cc.