Imeli 47 za Kiingereza kuhusu mashine ya barafu: nizifupishe vipi ziwe karatasi moja ya Kiswahili?

Katibu_Amu
Salamu alaykum nyote. Kikundi chetu cha wavuvi hapa Amu kinanunua mashine ya barafu ya tani moja kwa siku. Mazungumzo yote yamepita kwenye imeli, kwa Kiingereza, na wahusika ni wanne mbali na sisi: muuza mashine yuko Nairobi, muuza paneli za chumba cha baridi yuko Mombasa, yuko mwenye lori, na yuko fundi wa kufunga. Imeli zimefika 47. Kamati inakaa Alhamisi kuamua kama arbuni itoke. Mwenyekiti na mweka hazina wanataka karatasi moja ya Kiswahili: tumekubaliana nini, na kipi bado.

Rasimu yangu inafuata tarehe, imeli baada ya imeli, na imetoka kurasa nne. Mzee mmoja ameisoma akauliza, "Kwani bei imeshakatwa au haijakatwa?" Jibu halimo. Wenye uzoefu na kazi hii, mnaipanga vipi?

Pwani_Poa
Kazi ndogo hiyo, katibu. Fungua imeli ya mwisho, hapo ndipo mambo yalipofika. La zamani limeshafutwa na jipya. Andika yaliyomo humo kwa Kiswahili, tia sahihi, nenda kanywe kahawa.

MamaStoo
Pwani_Poa ana nusu ya haki. Mtu yuleyule akitaja bei mara mbili, ya baadaye ndiyo iliyo hai. Lakini imeli ya mwisho ni kauli ya mtu mmoja tu. Mwenye lori akiandika jana kwamba kila kitu kiko sawa, hajamjibia muuza mashine, na wala hana mamlaka hayo.

Ndugu katibu, acha kupanga kwa tarehe. Panga kwa jambo. Chukua karatasi, kila jambo lipate mstari wake: bei, arbuni, usafiri, umeme, siku ya kufika, waranti. Kisha soma imeli kuanzia ya kwanza kabisa, na kila unapokuta jambo limetajwa, andika kwenye mstari wake namba ya imeli, nani kasema, na kasema nini kwa maneno sita au saba. Usifupishe kitu bado. Ukimaliza, kila mstari utakuonyesha wenyewe kama umefungwa au uko wazi.

Mimi huuhesabu umefungwa pale tu yanapotimia matatu: pendekezo liko wazi, yule atakayelipa au atakayefanya kazi amekubali kwa maandishi, na hakuna aliyelifufua baadaye. Kunyamaza si kukubali. Na anayejibu kwamba ameyaona maelezo yako, hajakubali. Kakwambia tu kwamba imeli imefika.

Tahadhari mbili kabla hujaanza. Ya kwanza, usisome imeli za juu peke yake. Kuna watu hujibu ndani ya maandishi ya zamani, chini ya kila swali, kwa rangi nyekundu au buluu. Kwenye Gmail majibu hayo yanaweza kufichwa chini ya vidoti vitatu, na ukichapa kwa wino mweusi huwezi kujua ni maneno ya nani. Kwa hiyo fungua vidoti vyote kwenye skrini kwanza.

Ya pili, mtu akibadilisha kichwa cha imeli, Gmail hukata mazungumzo na kuanzisha mapya. Ukifuata kichwa kimoja utakosa tawi zima. Tafuta kwa anwani ya kila muuzaji:

```
from:ANWANI "subject to"
from:ANWANI has:attachment
```

Ya kwanza hukuletea sehemu alizokubali kwa sharti, na sharti ndilo linalodondoka mtu anapofupisha. Ya pili hukuletea viambatisho, maana takwimu nyingi ziko kwenye profoma na wala hazimo kwenye imeli yenyewe.

Tuletee mambo matatu yanayokusumbua zaidi.

Katibu_Amu
Ahsante sana mama. Haya hapa.

Bei: imeli ya 12 muuza mashine anasema 1,150,000 kabla ya kodi, tukakubali kwenye ya 15. Arbuni anasema asilimia 60, na imeli ya 18 inataja 690,000. Lakini profoma iliyokuja na imeli ya 31 imeandika 800,400. Hatujaijibu.

Usafiri: muuza mashine anasema bei ni pamoja na kufikisha Lamu. Mwenye lori (imeli ya 33) anasema lori lake mwisho Mokowe, gati ya bara, na huku kisiwani ni kwa mashua. Muuza mashine akajibu kwamba ameliona hilo, basi.

Siku: muuza mashine anasema wiki sita. Mwenye lori kaandika "05/06", saa 9 asubuhi.

Malindi_Kwetu
Na sisi wa Malindi wenye hoteli ndogo tunaoagiza mboga na samaki kwa WhatsApp, hizo hatua zinafaa? Wauzaji wangu wote wanatuma sauti, hakuna anayeandika.

MamaStoo
Malindi_Kwetu, kupanga kwa jambo kunafaa. Ila sauti haina namba wala haitafutiki, kwa hiyo kila oda ijibu mwenyewe kwa maandishi, kilo ngapi na bei gani, naye athibitishe. Fungua uzi wako tuuzungumze huko.

Katibu, arbuni kwanza, maana hapo kuna pesa. Asilimia 60 ya 1,150,000 ni 690,000. Ukiongeza kodi ya asilimia 16 jumla inakuwa 1,334,000, na asilimia 60 yake ni 800,400. Hesabu zote mbili ni sahihi. Kinachotofautiana ni msingi wake. Shilingi 110,400 zinaning'inia hapo. Usimchagulie muuzaji jibu kwa sababu profoma ndiyo ya baadaye, kwani nyinyi hamjaikubali. Weka kwenye maswali.

Tarehe usiiache kwa tarakimu. Andika "5 Juni", uulize kama ndivyo alivyokusudia, maana kuna watu huweka mwezi mbele. Na hiyo saa 9 asubuhi ni saa ya kizungu, kwetu ni saa tatu. Hamali ukimwambia saa tisa atakuja alasiri.

Mimi ningeandika hivi:

*Mashine ya barafu: hali ilivyo hadi imeli ya 47*

*Yaliyokubaliwa*
*Bei ya mashine ni sh. 1,150,000 kabla ya kodi, sh. 1,334,000 pamoja na kodi (imeli 12, 15).*
*Arbuni ni asilimia 60. Kiasi chenyewe bado, tazama swali la 1.*

*Yaliyo wazi*
*1. Arbuni ni sh. 690,000 au sh. 800,400? Wa kujibu: muuza mashine. Likikosa jibu, kamati isipitishe malipo.*
*2. Nani analipa mashua na hamali kutoka Mokowe hadi Amu? Wa kujibu: muuza mashine, kwa maandishi, na nakala kwa mwenye lori.*
*3. Wiki sita zinahesabiwa tangu lini? Zikihesabiwa tangu arbuni kuingia benki, basi lori la 5 Juni linataka arbuni iwe imeingia kufikia 24 Aprili. Wa kujibu: muuza mashine na mwenye lori.*

Ona kwamba kila swali lina mtu wa kulijibu. Swali lisilo na mwenyewe litarudi mkutano ujao lilivyo. Na kwenye yaliyokubaliwa usisimulie mabishano yaliyotangulia. Namba za imeli zinatosha kwa anayetaka kufukua.

FundiFezi
Naomba kuongeza. Katibu, kuna imeli yoyote ambayo fundi wa kufunga anauliza habari ya umeme?

Katibu_Amu
Ipo. Imeli ya 22 anauliza kama jengo letu lina fezi tatu. Muuza mashine akajibu kwamba ya fezi moja ipo pia, bei tofauti. Nililiona ni jambo la mafundi, sikuliweka.

FundiFezi
Basi bei haijafungwa, samahani mama. 1,150,000 ni ya mashine ya fezi tatu, volti 415. Jengo likiwa na fezi moja ya volti 240, ama mnabadilisha mashine na bei inabadilika, ama mnaomba laini mpya na hiyo ni gharama nyingine isiyokuwemo popote. Mstari wa bei uandikwe "kwa mashine ya fezi tatu", na swali la umeme liwe la kwanza kabisa, maana arbuni inahesabiwa kutokana na bei.

Na hiyo "tani moja kwa siku" usiihamishe peke yake. Angalia karatasi ya vipimo. Watengenezaji wengi hupima kwa hewa ya nyuzi 21 na maji ya nyuzi 10. Maji ya bomba la Amu hayafiki nyuzi 10 hata usiku wa manane. Hewa na maji vikiwa na joto zaidi, barafu inapungua. Andika tani moja pamoja na masharti yake, kisha uliza itatoa kilo ngapi kwa hewa ya nyuzi 32 na maji ya nyuzi 28. Wavuvi wakiahidiwa tani wakapata pungufu, watamshika aliyeandika karatasi.

MamaStoo
Kweli kabisa fundi, sharti hilo linaingia mstari wa kwanza. Bei ishuke chini, iungane na maswali.

Bahari_Ndefu
Mashine ina uzito gani na sanduku lake? Kama inapita kilo 400 msiteremshe maji yakiwa yamepwa, mashua inakuwa chini sana ya gati. Ngojeni maji yajae, na muwe na hamali wasiopungua wanane na magogo ya kuviringishia.

Katibu_Amu
Kilo 420, kapteni. Swali langu lilikuwa la kuandika, lakini hilo nalitia chini ya swali la mashua: uzito, na saa ya maji kujaa siku hiyo.

Pwani_Poa
Haya, nimekubali imeli ya mwisho haitoshi. Ila msiwapelekee wauzaji hiyo orodha ya maswali kabla ya Alhamisi. Wakijua mna haraka na hamjui umeme wenu, bei itapanda.

MamaStoo
Mimi napeleka kabla. Kwa Kiingereza, mistari michache, maswali tu bila maoni ya kamati. Kamati ikikaa bila majibu itapiga kura juu ya dhana.

FundiFezi
Nusu kwa nusu. La umeme mtajibiwa na mita yenu wenyewe, nendeni mkaitazame. Ya arbuni na mashua yapelekwe leo.

Katibu_Amu
Nimetazama mita: ni fezi moja. La arbuni nimeliuliza, muuza mashine amejibu kwamba ni 690,000, kodi yote italipwa na salio, na profoma mpya anaituma. Nimemwomba pia bei ya mashine ya fezi moja. La mashua kalipita kimya tena.

MamaStoo
Basi hiyo 690,000 nayo ni ya mashine ya fezi tatu. Irudishe kwenye maswali mpaka bei mpya ije.