Tupeane uzoefu: alama za kazi mradi ya EDK, yaani Elimu ya Dini ya Kiislamu, kikundini, nani kafanya na nani kakaa tu?

Mwl_Newala: Wakuu, kidato cha tatu wanafanya kazi mradi ya zaka ya mazao, vikundi vya watano. Nikiwaambia watathminiane, wote wanapeana 10 kwa 10. Mnafanyaje?

Ustadh_Kilwa: Ukiuliza "mwenzako alishiriki vizuri?" kila mtu atasema ndiyo, maana ni jirani yake au mtani wake. Mpe kila mmoja pointi 40 azigawe kwa wenzake wanne, mwenyewe asijipe. Akimwongezea mmoja lazima ampunguzie mwingine. Aliyepokea jumla ya 40 yuko sawa na wenzake. Chukua alama ya kikundi, zidisha kwa alizopokea, gawanya kwa 40.

Bi_Masasi: Mimi natumia orodha hakiki peke yake, inatosha. Naangalia nidhamu, mavazi ya stara, kuwahi swala.

Ustadh_Kilwa: Orodha nakubaliana nayo dada yangu, ila hivyo vipengele viondoe. Ucha Mungu wa mtoto siyo kazi mradi, na hao wenzake nao wataanza kupeana pointi kwa kanzu. Weka kinachoonekana: aya imetajwa sura na namba; nisabu imeelezwa (wasaki 5, kama kilo 653); wametofautisha shamba la mvua, asilimia 10, na la kumwagilia, asilimia 5; daftari la mahojiano na mkulima lina jina la aliyeandika kila ukurasa. Hilo daftari ndilo litakaloamua ugomvi.

Mkulima_Nachingwea: Samahani, korosho nikiuza AMCOS zaka yake ni asilimia ngapi?

Ustadh_Kilwa: Hilo muulize sheikh wako, ndugu, maana Shafii wanaitoza nafaka na vyakula vikuu vinavyohifadhika, Hanafi wanapanua zaidi. Lakini umenikumbusha jambo: kikundi kikichagua korosho, usiwape alama kwa kufuata rai yako. Wape kwa kutaja rai na dalili yake.

Mwl_Newala: Na kama wamemwonea mtu?

Ustadh_Kilwa: Angalia pointi moja moja kabla ya jumla. Tuseme kikundi kina 14 kwa 20, na mmoja amepokea 9, 9, 8 na 0. Jumla 26, hesabu inampa 9.1. Lakini watatu wanakubaliana, sifuri ni ya mtu mmoja. Fungua daftari: kurasa zake zipo? Basi iondoe sifuri, 26 ugawe kwa 30, anapata 12.1. Angepokea 3, 4, 3, 4 na kurasa hazipo, hapo kweli alikaa tu.

Bi_Masasi: Fomu ziwe za siri? Kwangu wanatambuana kwa mwandiko, halafu wanasusiana.

Ustadh_Kilwa: Namba tupu, bila maelezo, inapunguza. Ila mwanafunzi akidai kujua kwa nini kapunguziwa, siri inakuwa ngumu.

Mwl_Newala: Mimi naona ana haki ya kujua.

Bi_Masasi: Na aliyempa je, nani atamlinda njiani kurudi nyumbani?