Tupeane uzoefu: kupaka ute wa yai ili kitako cha pai kisilowe

Kastadi_Tena: Wakuu, pai yangu ya kastadi juu huwa safi, chini tepetepe. Naoka ganda kwanza na nimeshaanza kupaka ute wa yai, lakini wapi. Nyie mnafanyaje?

Bi_Shughuli: Mimi napaka kiini na maziwa kidogo, inang'aa kama kioo.

Kastadi_Tena: Hiyo ni ya juu dada, mimi nalia na kitako.

MzeeOveni: Ukishapaka, unarudisha ganda kwenye oveni kabla ya kumwaga kastadi?

Kastadi_Tena: Hapana, namwaga papo hapo.

MzeeOveni: Basi umeongeza maji juu ya maji. Ute mbichi hauzuii kitu mpaka uive uwe utando. Mimi kwa ganda la sentimita 23, ute wa yai moja unabaki. Naupiga kwa uma mpaka ulegee, povu silitaki. Ganda naoka nyuzi 190 na maharage makavu juu ya karatasi dakika 20 hivi, kisha natoa maharage na kuliacha dakika 8 au 10 nyingine, kitako kikauke na kuanza kushika rangi. Likiwa bado la moto napaka mkono mwepesi, nahakikisha vitundu vya uma vimefunikwa, halafu narudisha dakika 2 au 3. Ukiligusa, linang'aa na halinati.

Haraka_Haraka: Yai zima nalo linafaa. Na kwa kuwa umeshaziba, ile awamu ya pili bila maharage unairuka.

MzeeOveni: Yai zima sawa, ila rangi inakolea zaidi. Awamu ya pili usiiruke. Ganda bichi lina maji yake ndani, na ute hauwezi kulikausha. Utakuwa umefunika ubichi tu.

Fundi_Tamu: Na ute hauzibi ufa. Langu liliwahi kupasuka kwenye kona, nikapaka mara tatu nikajiona mjanja. Kastadi ikapenya chini, sukari ikaungua, pai ikagandana na chombo hadi nikaitoa kwa kijiko. Siku hizi naweka akiba ya donge bichi, naliponda na tone la ute, nasiliba ufa, narudisha dakika chache, ndipo napaka.

Bi_Shughuli: Kwa krimu ya baridi mimi naona chokoleti iliyoyeyushwa inashinda ute.

Fundi_Tamu: Kwa ya baridi labda. Ila ganda gumu la chokoleti kwenye pai ya ndimu silipendi.

MzeeOveni: Kwa kitu cha kulala kwenye friji siku mbili, hata ute utashindwa. Unachelewesha tu.

Kastadi_Tena: Mrejesho: jana nimerudisha dakika 3. Kisu kimefika chini nikasikia "kwach"! Ila kona moja kuna kitu cheupe kama mpira.

MzeeOveni: Ute ulituama hapo ukawa kimanda. Ufute kwa brashi kavu kabla ya kurudisha.