Ruta ya waifai 7 na simu zetu za kitambo: yasaidia ama ni kuliwa pesa?

Bint Kibokoni: Asalaam aleikum jamani. Nyumbani faiba ni ya 20Mbps, simu nne zote za kitambo na laptopu ya 2014. Duka moja huku mjini wananisukumia ruta ya waifai 7, eti kila kitu kitakwenda mbio hata simu zikiwa nzee. Ninunue?

Kijana wa Likoni: Chukua tu dada, mpya ni mpya. Zile antena zake zina nguvu, moto unafika mpaka chumba cha nyuma, mie nimeona kwa binamu yangu.

Fundi Waya: Nguvu ina mpaka wa kisheria bro, huwezi kuongeza unavyotaka. Na hata ruta ikipiga kelele namna gani, simu lazima ijibu, na simu ina sauti ndogo. Ndio unaona vistari vimejaa na video haitembei. Ila ni kweli ruta nzuri inasikia vizuri kuliko ile ya bure ya kampuni, kwa hivyo binamu yako huenda alipata nafuu, lakini hiyo si kwa sababu ya namba 7.

Dada, ruta na simu zinaongea kwa lugha ambayo zote mbili zinaijua. Simu ya waifai 5 itaongea waifai 5 hata ukiiwekea ruta ya bei ya pikipiki. Ile kubwa ya waifai 7, ya kutumia bendi mbili kwa wakati mmoja, inataka simu nayo iwe ya 7. Hebu fungua Command Prompt kwenye laptopu uandike hivi:

```
netsh wlan show interfaces
```

Angalia `Radio type` na `Receive rate`. Halafu pima spidi ukiwa karibu na ruta, upime tena chumba cha mbali.

Baba Wawili Nyali: Hapo Fundi nakupinga kidogo. Kwangu ni ghorofa tatu, nimeweka ruta tatu za waifai 7 zinazoshikana zenyewe bila waya, na simu za watoto ni za zamani vilevile. Juu sasa video haigandi kabisa.

Fundi Waya: Na uko sawa mzee wangu, hiyo ndiyo njia moja ambayo simu nzee inafaidi. Zile ruta zako tatu zinaongea waifai 7 *baina yao*, njia ya kupandisha data juu ikawa pana, simu inamalizia kipande kifupi tu kwa lugha yake ya zamani. Lakini wewe pakeji yako ni kubwa, na ungevuta kebo ungepata hayo hayo kwa ruta za bei nafuu.

Mama Samaki: Yangu mvua ikinyesha inakatika kabisa, hiyo waifai 7 itanisaidia?

Fundi Waya: Hapana mama, hiyo ni laini kutoka nje. Ikikatika tena tazama taa ya kile kidude cha faiba, ikiwaka nyekundu wapigie kampuni.

Bint Kibokoni: Nimepima. Laptopu inasema `802.11n` na 72. Karibu na ruta napata 19, chumba cha nyuma 3 na mara nyengine haishiki kabisa.

Fundi Waya: Basi jibu umelishika mkononi. Hiyo `802.11n` ni waifai 4, na ile 72 ni spidi ya kwenye karatasi, kazi yenyewe inatoa kama nusu, na hiyo nusu bado imepita pakeji yako. Ukiwa karibu faiba yote unaipata, ruta mpya itakupa 19 ile ile. Shida yako ni kuta. Hizo nyumba za Mji wa Kale ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta mnene kama mkono mzima, mbili tatu zikipangana mawimbi yanafika yamechoka, na ya 5GHz ndiyo yanachoka mapema. Vuta kebo mpaka nyuma, mwisho wake weka ruta ndogo ya kawaida, jina na nywila zile zile.

Kijana wa Likoni: Lakini si mwakani atanunua simu mpya? Na ruta nzee haipati tena masasisho ya usalama, hilo mbona hulisemi.

Fundi Waya: La usalama nakubali, ruta iliyoachwa na kiwanda ibadilishwe. Hata hivyo waifai 6 yamtosha. Na akibadilisha, kwenye ulinzi wa nywila asiweke WPA3 peke yake, hiyo laptopu ya 2014 huenda ikagoma kuingia na atadhani ruta mbovu. Aweke ile ya mchanganyiko, WPA2 na WPA3.

Baba Wawili Nyali: Mie bado nasema ukinunua, nunua ya kukaa nayo miaka.

Bint Kibokoni: Shida mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe hata tundu la msumari. Kebo ikipita juu ya mlango inafaa, ama itabidi niende kwa zile za Baba Wawili?