Nimelipa fundi animiksie besi, amezirudisha DI na maiki zikiuana, halafu ananiambia nibadilishe nyuzi

Mpiga Besi TMK

Wakuu, nina hasira ya siku nne na leo naitoa.

Bendi yetu ilirekodi vibao viwili. Besi ilichukuliwa njia mbili kwa mpigo: gitaa likaingia DI boksi, likatoka njia moja kwenda moja kwa moja kwenye mashine, nyingine kwenye ampu yangu yenye spika ya inchi 15, na mbele ya spika wakasimamisha maiki. Mimi ndiye niliyeomba iwe hivyo. DI inakupa chini safi, maiki inakupa ule mkwaruzo wa spika na kidole kinavyogusa uzi. Zikikaa pamoja vizuri, hata mwenye kusikilizia simu anajua kuna mtu anapiga besi.

Miksi imerudi, besi imekauka. Nikishuka kwenye uzi wa E, noti inapotea kabisa, inabaki kama mtu anagonga meza. Nikipanda juu ya shingo, noti zinaruka mbele zinamfunika mwimbaji. Mkono ni uleule, nguvu ni ileile. Nikampigia fundi. Jibu lake: "Nyuzi zako zimechoka, kaka, na unapiga bila usawa." Nyuzi nilifunga wiki ileile ya kurekodi! Nikamwomba arekebishe, akanitoza tena, akapandisha 60 Hz kwa dB 6. Sasa noti za E bado hazipo, ila kiki ya ngoma imevimba na kila kitu kinanguruma. Hiyo ndiyo "marekebisho" niliyolipia.

Nikaomba treki zangu, nikazifungua nyumbani kwenye Reaper. Nikacheza DI na maiki kwa pamoja, bila kitu kingine. Nikaifunga maiki. Wakuu, besi ikawa NENE zaidi. Nimeondoa sauti moja, na kilichobaki kimeongezeka uzito. Nikairudisha maiki, chini ikakimbia. Nilifanya hivyo mara kumi, nikamwita mke wangu, ambaye hajawahi kushika gitaa. Akasikia hapohapo.

Nikakuza picha ya wimbi. Kabla ya kuanza wimbo nilikuwa nimegonga nyuzi kwa kiganja mara moja, kwa hiyo kuna mgongo mmoja mkali unaoonekana wazi kwenye treki zote mbili. Kwenye DI unapanda juu. Kwenye maiki unaanza sampuli 140 baadaye, na unashuka chini. Tulirekodi kwa 48 kHz, kwa hiyo sampuli 140 ni kama milisekunde 2.9, na sauti hewani kwa muda huo inatembea karibu mita moja. Ndipo nikakumbuka: maiki ilikuwa mita moja kutoka kwenye spika, nilipiga picha siku ile, stendi inaonekana pale.

Nikapiga hesabu mwenyewe kwa karatasi, nikichukulia treki zote mbili zina nguvu sawa. Maiki imechelewa hivyo na imegeuzwa chini juu. Kwenye E ya chini, 41 Hz, treki mbili zikijumlishwa unapata sauti NDOGO kuliko DI peke yake, pungufu kama dB 2.6. Kwenye uzi wa G, 98 Hz, unapata zaidi kama dB 4. Ukifika karibu 171 Hz unapata dB 6 kamili. Kati ya E ya chini na noti za juu ya shingo kuna tofauti ya zaidi ya dB 8 ambayo mkono wangu haukuiweka! Halafu mtu ananiambia napiga bila usawa.

Nikaisogeza treki ya maiki ianze mapema kwa sampuli 140. Sikugusa DI, maana DI ndiyo iliyokaa sawa na ngoma. Nikabonyeza kitufe cha `Ø` kuigeuza. Besi ikarudi. Dakika tano! Mtu anachukua hela ya watu anashindwa kufunga treki moja na kusikiliza?

Nauliza mambo mawili. Je, ana haki ya kukataa kunirudishia hela ya marekebisho? Na kwa nini hata baada ya kusawazisha hivi, uzi wa A bado una noti mbili tatu nyembamba kidogo?

Studio Chumbani

Pole, lakini fundi hakukosea kuweka maiki mbali. Wimbi la E ya chini lina urefu wa zaidi ya mita 8. Ukiibandika maiki kwenye spika, wimbi halijapata nafasi ya kukomaa, unapata besi nusu. Kosa lake ni kutosawazisha tu, ila umbali ulikuwa sahihi.

Fundi Waya

Urefu wa wimbi umeutaja sawa, Studio Chumbani, ila hitimisho si sahihi. Maiki haisubiri wimbi zima lipite, inapima hewa inavyosukumwa pale ilipo. Visikilizi vya masikioni viko sentimita moja au mbili kutoka kwenye ngoma ya sikio na besi unaisikia. Unapokwenda mita moja unapata chumba: kuta, pembe, sakafu. Hilo linaweza kupendeza, lakini siyo wimbi "kukomaa".

Mpiga Besi, kazi uliyofanya ni nzuri. Nakurekebisha sehemu moja. Usikimbilie kusema fundi aliunga waya kinyume kwa sababu maiki imegeuka. Ampu nyingi zinageuza zenyewe ndani, kila hatua ya kukuza inaweza kupindua wimbi, na ampu ikiwa na hatua kama hizo kwa idadi witiri, inatoka chini juu. Hilo si kosa la mtu. Kosa lake ni kutokagua.

Na jicho lisikutoshe. Mgongo wa maiki huwa hauanzi kwa ukali kama wa DI, spika ni nzito, inachukua muda kuitika, kwa hiyo ulipodhani ndipo panapoanza panaweza kuwa sampuli kadhaa pembeni. Fanya hivi: sawazisha nguvu za treki mbili, weka mono, ziache zikiwa KINYUME kwa makusudi, usiguse `Ø` kwanza. Sogeza maiki sampuli moja moja huku ukisikiliza noti ndefu za chini. Tafuta mahali ambapo besi inakufa kabisa, inabaki nyembamba kuliko kote. Ukishapapata, ndipo ugeuze. Sikio linasikia kitu kinapotoweka kwa urahisi kuliko kinapoongezeka.

Sauti ya Kanisani

Hata mimi nateseka na DI boksi. Ibada ya asubuhi besi inavuma mmmm mfululizo, hata mpigaji akiweka mkono kwenye nyuzi. Nimejaribu kugeuza hicho kitufe cha fezi kwenye miksa, haikusaidia. Nifanye nini?

Fundi Waya

Mtumishi, hilo lako ni jambo jingine. Huo ni mvumo wa umeme, kwa kawaida 50 Hz na zile zinazofuatia, unaopita kwenye waya wa ardhi wa ampu na wa miksa zikiwa zimekutana kupitia waya wa DI. Kwenye boksi tafuta swichi iliyoandikwa `GND LIFT` au `LIFT`, ibonyeze. Usikate kamwe waya wa ardhi kwenye plagi ya ampu, mpigaji anaweza kufa pale jukwaani.

Mzee wa Magitaa

Mimi nitamtetea fundi kidogo. Kijana, ulikuwa chumbani siku ya kurekodi. Uliiona maiki, ukaipiga picha, hukusema. Zamani sisi tulikuwa hatuondoki studio kabla ya kusikiliza besi na ngoma peke yake. Na tulirekodi kwa njia moja tu, besi zikasikika nchi nzima.

Mpiga Besi TMK

Mzee wangu shikamoo, nakuheshimu, lakini hapana. Nililipa ili mtu mwenye masikio asikilize kwa niaba yangu. Picha niliipiga kwa kumbukumbu. Kama kazi ya kukagua ni yangu, basi hela ibaki kwangu.

Fundi Waya, nimefanya ulivyosema. Mahali besi ilipokufa palikuwa sampuli 149, siyo 140. Tisa zaidi, na tofauti nimeisikia kwenye E. Ila kwenye A, karibu na noti ya C na D, bado kuna wembamba.

Fundi Waya

Hapo ndipo kusogeza treki kunapofika mwisho. Kuchelewa kwa umbali ni kwa masafa yote sawasawa, unakutibu kwa kusogeza. Lakini kabati la spika, hasa lenye tundu, linazungusha fezi kwa kiasi tofauti kwa kila masafa, na huko chini ndiko linazungusha zaidi. Huwezi kusogeza treki moja ikakaa sawa kwenye 45 Hz na 70 Hz na 200 Hz kwa pamoja. Na chumba nacho kimeongeza yake.

Mimi huwa sipigani. Chini naiachia DI peke yake. Weka filta kwenye maiki, kata chini ya 120 Hz hivi, kwa mteremko wa dB 24. Mgongano mwingi wa chini unaondoka kwa sababu hakuna tena wawili wanaogombana. Angalizo moja: filta nayo inazungusha fezi karibu na pale inapokata. Kwa hiyo ukishaiweka, jaribu `Ø` upya, usidhani jibu la jana ndilo la leo. Kisha shusha feda ya maiki hadi chini kabisa na uipandishe polepole ngoma zikiwa zinacheza, simama pale mkwaruzo unapoanza kusikika kwenye spika ndogo. Kompresa weka kwenye kundi la treki zote mbili. Ukibana kila moja kivyake, uwiano wao unabadilika kila noti.

Studio Chumbani

Sikubaliani na kukata. Ukikata chini ya maiki unabaki na DI yenye mkwaruzo juu yake, ule uzito wa spika ya inchi 15 umekwenda. Kuna vifaa vya kuzungusha fezi, kama IBP ya Little Labs, unazungusha hadi chini ijae bila kukata chochote.

Fundi Waya

Nakubali inafanya kazi, nimeitumia. Lakini nayo ukiipata sawa kwenye E unaweza kuipoteza kwenye D. Hapo ni kuchagua noti ambazo wimbo unazitegemea.

Mpiga Besi TMK

Nimejaribu kukata kwa 120, maiki imekaa dB 8 chini ya DI. Noti za A zimelingana. Studio Chumbani naye ana hoja, kibao cha polepole kimepungua mwili, kwa hicho nimeshusha mkato hadi 80 na wembamba wa C umerudi kidogo. Bado sijaamua. Kibao cha kasi kimekwisha.

Fundi nimemtumia faili mbili: miksi yake, na treki zilezile baada ya sampuli 149 na `Ø`, bila ikwalaiza yoyote. Amesoma ujumbe jana saa tatu usiku. Hajajibu, na hela ya marekebisho hajarudisha.

Sauti ya Kanisani

Nimebonyeza `LIFT`, mvumo umekwisha. Mungu awabariki.