Jirani kashusha bei ya chipsi tena, sasa tunakaanga bure wote wawili!

Kiazi_Mbatata: Wakuu, nimevurugwa. Nauza chipsi Dar, meza yangu na ya jirani zimetenganishwa na nguzo ya umeme tu. Sahani kavu ilikuwa 1,500 kwangu na kwake, kila mtu anakula chake. Ghafla jamaa akabandika 1,400, wateja wakahamia. Nikashusha, wakarudi. Akaenda 1,300, nikamfuata. Jana kabandika 1,200!

Viazi, mafuta, mkaa na kachumbari vinakula kama 1,100 kwa sahani. Kwa 1,500 nilibaki na 400. Sahani 80 kwa usiku, natoka na 32,000. Kwa 1,300 nabaki na 200, na walaji wa mtaa huu ni walewale: nikijitahidi sana 85. Hiyo ni 17,000, na kijana wa kumenya viazi hajalipwa! Yeye mwenyewe kabanwa, namwona: mafuta habadilishi, yamekuwa meusi, yanaumuka povu, chipsi zinatoka zimelowa. Halafu asubuhi ananiuliza "jirani, biashara inaendaje?" Inaendaje wapi?

Dogo_Janja_wa_Temeke: Piga 1,000 wiki nzima, mtaji umkate, afunge. Dawa ya moto ni moto.

Kiazi_Mbatata: Kila sahani nipoteze mia? Na pale kwake halipi kodi, ni barazani kwa mama yake.

Bodaboda_Mstaafu: Kijiweni kwetu ilikuwa hivihivi, safari ya buku ikafika jero. Nikauza pikipiki. Ila mkuu, chipsi za 1,200 ziko mtaa gani hizo?

Mama_Genge: Mdogo wangu, dogo hapo juu hajakosea yote, vita hii anashinda mwenye pumzi ndefu. Ila pumzi hiyo huna. Na hata jirani akifunga, jiko na baraza vinabaki, kesho anaingia mwingine.

Mimi nakuuliza: ukimfuata 1,200 unabaki na mia. Sahani 85 ni 8,500. Ukirudi 1,500 wakabaki watu 22 tu, una 8,800, tena kwa robo ya viazi. Huwezi kupata 22 wasiotaka mafuta meusi? Badilisha mafuta waone kwa macho, kachumbari iwe mbichi, chipsi zikauke vizuri. Mwache yeye ahangaike na foleni isiyomlipa.

Kiazi_Mbatata: Na wakibaki 15? Wateja wangu wengi ni wanafunzi wa chuo, mia tatu kwao ni nauli.

Mama_Genge: Hapo sasa ndipo unapowajua wewe, si mimi. Jaribu katikati ya wiki, usianze Ijumaa.

Msomi_Tu: Si mkae chini mkubaliane 1,500?

Wakala_Mkongwe: Angalia, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza washindani kupanga bei.

Kiazi_Mbatata: Meza mbili za chipsi? Mkuu, huyu hata salamu nimeacha kumwitikia, kikao nitakaa naye saa ngapi?