Tupeane uzoefu: hatari uliyoiandika ikishatokea, waipeleka wapi?

Bint Mkomani

Assalaam aleikum nyote. Nasimamia miradi midogo ya ujenzi hapa Lamu, na nataka tupeane uzoefu juu ya jambo moja tu: ile siku hatari iliyo kwenye daftari la hatari inapotokea kweli. Ulifanya nini? Naanza na langu, maana lilinigharimu.

Tulikuwa tukijenga vyumba viwili vya zahanati upande wa Pate. Slebu ilikuwa mita za mraba 90, unene sentimita 15. Kwa mchanganyiko wetu tulihitaji mifuko 95 ya saruji, na stoo ilikuwa na 60. Slebu ile yamwagwa siku moja. Ukiikata katikati, pale kwenye kiungo ndipo maji yatakapopenya baadaye. Kwa hiyo mifuko 60 haikutufaa kitu.

Saruji yatoka Mokowe kwa jahazi. Wakati wa kusi nahodha hakubali kuzunguka nje ya Manda akiwa na mzigo, apita ndani kwa Mkanda, na Mkanda kina chake ni kifupi. Jahazi lenye mifuko 200, yaani tani 10, lasubiri bamvua. Likikosa, yaingia maji mafu, na bamvua jingine ni kama wiki mbili mbele. Haya yote tuliyajua na tukayaandika mapema:

*H-07. Kwa sababu ya kusi na maji mafu, jahazi la saruji laweza kushindwa kupita Mkanda, slebu ikachelewa. Uwezekano 3 mara athari 4, alama 12. Mwenye hatari: mnunuzi. Dalili: stoo iko chini ya mifuko 100 na jahazi halijapakia. Hatua: kukodi boti mbili ndogo.*

Lori lilichelewa kufika Mokowe, jahazi likakosa bamvua. Nahodha alinipigia Jumatatu asubuhi. Nikafungua daftari, uwezekano nikautoa 3 nikauweka 5, alama ikawa 20, mstari ukawa mwekundu. Nikafunga kompyuta nikiamini nimetoa taarifa. Lakini daftari lile kamati hulisoma mara moja kwa mwezi.

Boti mbili ndogo zingeongeza Sh 48,000. Mimi naruhusiwa kuamua mwisho Sh 30,000. Mwenyekiti wa kamati, ambaye angeweza kusema ndiyo, alijua siku ya tisa, tena kwa kuulizwa na watu wa kijiji mbona kazi imesimama. Wakati huo bamvua limeshakaribia, tukasubiri tu. Siku 11 zimekwenda. Mafundi 6 na vibarua 10 niliwalipa siku 4 wakiwa wamekaa kivulini kabla sijawaruhusu waende zao, Sh 17,000 kwa siku. Hiyo ni Sh 68,000 kuokoa 48,000.

Fundi wa Kizingitini

Pole dada. Mimi dawa yangu ni moja: kila kitu napandisha kwa wakubwa siku hiyo hiyo. Msumari ukikosekana, mfadhili ajua. Tangu nianze hivyo sijalaumiwa.

Mzee wa Langoni

Fundi, nusu ya maneno yako nayakubali, ile ya siku hiyo hiyo. Nusu nyingine itakuumiza. Mfadhili akipokea habari ya msumari mara tatu kwa wiki, siku ya saruji ataisoma kama msumari. Nimeona kamati zikinyamazisha simu kwa sababu hiyo.

Bint, kosa lako liko kwenye ile 5. Uwezekano ni jibu la swali "je, litatokea?" Jumatatu asubuhi swali hilo lilikwisha, jahazi limekosa. Ukiweka 5 wasema bado lasubiriwa, ila lasubiriwa sana. Msomaji yeyote wa daftari la hatari akiona 20 nyekundu afikiri kuna muda wa kujikinga, kumbe kilichobaki ni kuamua.

Jambo likishatokea huhamia daftari la masuala, na huko nguzo ni nyingine kabisa. Hakuna uwezekano. Kuna: limetokea lini, limegusa nini hadi sasa, litagusa nini tusipofanya kitu, nani anaweza kuamua, na mwisho wa kuamua ni lini. Lako ningeliandika hivi:

*S-04, latokana na H-07. Jahazi limekosa kupita Mkanda Jumatatu. Stoo mifuko 60, slebu yahitaji 95. Tukisubiri bamvua: takriban siku 11. Tukikodi boti mbili: siku 2, nyongeza Sh 48,000. Mwamuzi: mwenyekiti wa kamati. Mwisho wa uamuzi: Jumanne saa 6 mchana. Anayefuatilia: mnunuzi.*

Na kwenye H-07 waandika tu: imetokea, tazama S-04. Usiifute. Mtu akija mwakani kuuliza kama mliliona mapema, ule mstari ndio ushahidi wako.

Sasa kupandisha. Kila mradi unapoanza mwakubaliana mipaka: msimamizi aweza kuchelewa siku ngapi, aweza kuongeza pesa ngapi, bila kumuuliza mtu. Wako ulikuwa na mpaka wa pesa, Sh 30,000. Wa siku ulikuwa ngapi?

Bint Mkomani

Siku 3. Na nilijiambia nikifika siku ya tatu nitampigia mwenyekiti. Ilipofika, nahodha akasema huenda upepo ukalegea kesho. Nikangoja kesho.

Mzee wa Langoni

Hapo ndipo wengi wetu twaangukia. Mpaka haupimwi kwa siku ulizokwisha kupoteza. Wapimwa kwa siku unazoona utapoteza. Jumatatu saa 3 asubuhi ulijua bamvua jingine li wapi, maana kalenda ya mwezi haifichi. Tangu saa hiyo ulikuwa umeshavuka siku 3 kwa makadirio, ingawa hujapoteza hata moja. Simu ilikuwa ya saa 3 ile ile.

Mama wa Vigae Malindi

Hilo la daftari nami ninalo. Mwezi uliopita kijana wangu aliumia kidole kwa mashine ya kukatia vigae, nikaandika tarehe, saa, na jina la zahanati aliyopelekwa. Je, hiyo pia napaswa kuihamisha daftari lingine?

Mzee wa Langoni

Pole kwa kijana, mama. Hilo lako ni daftari la ajali kazini, liache lilivyo, lina kazi yake. Sisi twazungumzia daftari la mradi mzima: pesa, muda, mizigo. Ila kama kidole kile kimesimamisha kazi ya mteja, kule kusimama kwa kazi ndiko kunakoingia kwenye masuala.

Dereva wa Garsen

Niruhusuni na langu, maana lilikwenda tofauti na la Bint. Mwishoni mwa 2023, mvua za Elinino, barabara ya Garsen kuja Lamu ilikatwa na maji. Nilikuwa na lori la vigae na rangi kutoka Malindi, la mkandarasi mmoja. Yule bwana, kabla ya msimu, alikuwa amekwenda kwa mwenye nyumba na mstari wake wa hatari mkononi akamwambia: barabara ikikatika, nitashusha mzigo Malindi, nikodi stoo, mafundi nitawageuzia kazi ya plasta. Stoo itakula pesa hii. Wakubali? Mwenye nyumba akatia sahihi na pesa zikatengwa.

Siku nilipompigia kwamba sipiti, hakuuliza mtu ruhusa. Aliniambia geuza. Mwenye nyumba alipata ujumbe mmoja jioni: imetokea, tumefanya tulivyokubaliana, pesa iliyotumika ni hii. Nami nikalala Malindi kwangu.

Mzee wa Langoni

Yule mkandarasi anaijua kazi. Suala liliandikwa kama kawaida, lakini uamuzi ulikuwa umeshatolewa kiangazi. Bint, H-07 yako ilikuwa na hatua "kukodi boti mbili" lakini haikuwa na pesa nyuma yake. Hatua isiyo na pesa iliyoidhinishwa ni pendekezo tu, na siku ya siku itarudi kwako kama ombi.

Karani Bwana Maji

Mimi naweka kumbukumbu za miradi ya maji huku Malindi, na sikubaliani na Mzee kwenye kitu kimoja. Yeye asema hatari ikitokea iandikwe "imetokea" ihamie kwenye masuala. Kwetu umeme wa pampu wakatika mara kwa mara. Tukiuhamisha mara ya kwanza, daftari la hatari labaki halina umeme kabisa, na kesho wakatika tena. Sisi hatari yabaki wazi, na kila ukikatika twafungua suala jipya. Mwaka jana hatari moja ilizaa masuala 6. Baada ya la tatu nikarudi kwenye hatari nikaongeza uwezekano, na hapo kuuongeza kulikuwa sahihi, kwa sababu nazungumzia kukatika *kujako*.

Mzee wa Langoni

Karani, la umeme nakubali. La jahazi je? Slebu ni moja.

Karani Bwana Maji

Slebu ni moja, lakini saruji ya plasta na sakafu nayo yapita Mkanda ule ule. Mimi nisingeifunga H-07.

Mzee wa Langoni

Mimi ningeifunga na kufungua nyingine ya plasta, yenye tarehe zake na idadi yake ya mifuko. Plasta haihitaji mifuko 95 siku moja, athari yake si 4. Ukiziacha pamoja namba zitakudanganya.

Karani Bwana Maji

Na ukizitenga utakuwa na mistari 40 asiyoisoma mtu. Tumeshabishana hili miaka, acha wengine waseme.

Fundi wa Kizingitini

Nina swali kwa Bint. Boti ndogo ziko wazi, hazina sitaha. Kusi lapiga, maji ya chumvi yaingia. Saruji ikilowa huipati tena, inakuwa mawe ndani ya mfuko. Hata kama mwenyekiti angekubali Jumatatu, mlikuwa na turubai?

Bint Mkomani

Fundi, hatukuwa nazo, na wala sikuwa nimelifikiria. Kumbe kila dawa ya suala yaweza kuleta hatari yake mpya. Hiyo nimeiandika usiku huu: *H-11. Kwa sababu boti ndogo ziko wazi, saruji yaweza kulowa njiani, slebu ikapungukiwa. Hatua: turubai mbili na mbao za chini kila boti, mifuko 10 ya ziada.* Nyongeza ni Sh 48,000 za boti, na juu yake turubai na mifuko hiyo, kwa hiyo hata ile bei niliyokuwa nayo kichwani haikuwa kamili.

Tena slebu si moja, tuna ya pili mwezi ujao, na kusi bado lipo. Jana nilimpelekea mwenyekiti ujumbe huu, nauweka hapa mniambie kama una upungufu:

"Mwenyekiti, slebu ya pili yahitaji mifuko 95 kabla ya bamvua la mwisho wa mwezi. Jahazi likikosa Mkanda, naomba idhini kuanzia sasa ya boti mbili na turubai, isizidi Sh 65,000. Ukikubali, siku hiyo nitatenda na kukujulisha jioni. Usipokubali, nitakupigia saa ile ile nahodha atakaponiambia, na nitahitaji jibu kabla ya saa 6 mchana wa siku inayofuata."

Amejibu kwamba ya boti amekubali, ya turubai anauliza kwa nini zisiazimwe kwa wavuvi.

Fundi wa Kizingitini

Mwambie za wavuvi zimetoboka. Njoo kwangu, ninazo mbili nzima.